Bango la bajeti ya nyumba: linasimulia au linarundika?

Hapa Lubumbashi bango la bajeti ya nyumba utalikuta kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, kwenye mlango wa duka la kutuma pesa, na zaidi ya yote kwenye simu, limeshatumwa kwa wasapu mara nyingi hadi herufi zimekuwa ukungu. Mimi nina kijiduka cha fotokopi katika komini ya Kenya, kwa hiyo mabango hayo hupita mikononi mwangu kabla ya kubandikwa. Mengi ni mazuri kwa macho, lakini ukimaliza kuyatazama hujui umeambiwa nini.

Nitaeleza ninavyolipima bango la namna hiyo, na nitatumia lile moja lililonikalisha siku mbili. Lililetwa na mama mmoja, prezida wa kikundi cha likelemba, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu. Kijana wa jirani alikuwa amewatengenezea kwenye kompyuta, karatasi ya A3, rangi tele, kichwa BAJETI YA FAMILIA. Ndani yake mlikuwa na picha saba: duara la vipande la matumizi, nguzo za mapato, nguzo za bei ya unga, mstari wa bei ya dola, magunia mawili ya makala, yaani mkaa wa kupikia, chupa ya akiba, na duara lingine lenye maandishi 50, 30, 20. Mama aliliweka juu ya kaunta akasema, "Baba, miye naona marangi tu, makuta yangu siioni." Alitaka kujua kama kosa ni lake au ni la bango.

Funika, kisha uliza

Anza na mtu ambaye hakulitengeneza bango na hajawahi kuliona. Mpe alitazame huku wewe ukihesabu polepole hadi kumi, kisha ligeuze. Usimwulize kama amelipenda, maana watu wetu wana adabu na wote watakuambia ni zuri. Mwulize, "Limekuambia nini?" na uandike jibu lake kama lilivyotoka mdomoni, bila kulinyoosha.

Majibu huja kwa namna tatu. Kuna anayetaja mada: "Linahusu bajeti." Kuna anayetaja maumbo: "Lina maduara, lina magunia." Na kuna anayetaja jambo lenyewe: "Pesa yao inaisha kwa sababu fulani." Ni jibu la tatu tu linaloonyesha kwamba kuna hadithi. Mawili ya kwanza yanaonyesha kwamba jicho limezunguka na kurudi mikono mitupu.

Mimi niliuliza watatu: kijana anayenisaidia dukani, mama aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya mchaguzi, na mwanafunzi mmoja. Msaidizi wangu alisema bango linahusu bei ya makala. Mama alisema linahusu kuweka akiba. Mwanafunzi alisema dola imepanda. Watu watatu, mabango matatu. Ukipata mtawanyiko kama huo, usianze kulaumu akili za wasomaji. Kila mmoja alishika picha iliyomwita kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichoziongoza zote.

Kichwa kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukikataa

Kuandika "Bajeti ya Familia" juu ya bango ni kama kuandika "Chakula" juu ya sufuria. Ni kweli, lakini hujui kama ndani ni sombe au maharage. Kichwa kinachoongoza husema jambo ambalo jirani anaweza kulikana: "Pesa yetu inaisha tarehe 18" au "Tunalipa makala kwa bei kubwa kuliko wenye gunia." Ukisoma kichwa na huwezi kuwaza mtu akijibu "Hapana, si hivyo," basi hicho ni kibandiko tu.

Kama kichwa ni kibandiko, mtafute aliyeomba bango na umwulize alikuwa na swali gani kabla hajaenda kwa mchoraji. Mama prezida hakusita: "Makuta inaisha mbele ya tarehe makumi mbili. Kila mwezi. Na hatukukula kitu cha bei." Hilo ni swali kamili, lina tarehe na lina mshangao ndani yake. Sasa rudi kwenye bango ulitafute. Katika picha zote saba hapakuwa na hata moja yenye tarehe ya siku. Mwezi ulikuwepo, siku hazikuwepo.

Hapo tayari nilikuwa na nusu ya hukumu, lakini nusu haitoshi kumwambia kijana aliyekesha akifanya kazi.

Andika sentensi moja kwa kila picha, kisha uziunge

Hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Chukua karatasi. Kwa kila picha andika sentensi moja inayosema picha hiyo inaonyesha nini. Kisha jaribu kuunganisha sentensi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ukitumia "kwa hiyo", "lakini" au "kwa sababu". Kama sentensi hazikubali chochote isipokuwa "na tena" au "na pia", picha hizo zimekaa jirani bila kujuana.

Bango la kijana lilinipa hivi: familia inatumia zaidi kwenye chakula, na pia inapata mapato kutoka sehemu mbili, na pia unga umepanda, na tena dola imepanda, na pia makala ya fungu ni ghali kuliko ya gunia, na pia tuweke akiba, na pia kuna kanuni ya 50, 30, 20. Ukisoma kwa sauti unasikia mtu anayesoma orodha ya soko.

Angalia hapa, kwa sababu mtengenezaji akisikia kipimo hiki atakimbilia kuingiza "kwa hiyo" kwa nguvu. Kijana alinijibu haraka kwamba dola ilipanda, kwa hiyo unga ulipanda. Inasikika vizuri. Lakini mstari wake wa dola ulianza mwezi wa kwanza ukaishia mwezi wa sita, na nguzo zake za unga zilianza mwezi wa nane zikaishia mwezi wa kumi na mbili. Picha mbili zisizokutana hata mwezi mmoja haziwezi kuambiana "kwa hiyo". Kabla hujakubali kiungo chochote, hakikisha picha zote mbili zinazungumzia kipindi kilekile, watu walewale, na kitu kilekile.

Kuna njia ya mkono pia. Nilitoa kopi ya bango, nikachukua mkasi, nikalikata vipande saba, nikampa msaidizi wangu avipange anavyotaka. Alivipanga mara tatu kwa namna tatu na hakuna kilichoharibika. Hadithi haivumilii hivyo: ukiweka mwisho mwanzoni, msikilizaji atauliza. Kisha nikaficha kipande kimoja kimoja nikijiuliza kama kuna kitu kimepotea. Mstari wa dola uliondoka na hakuna aliyeukumbuka.

Jumlisha, usiogope

Wengi huruka hatua hii kwa kudhani takwimu zilizochapwa zimeshahakikiwa. Chukua kalamu ujumlishe vipande vya duara. Duara la kijana lilikuwa na kodi ya nyumba 22, chakula 35, makala na umeme na maji 12, shule 13, usafiri 7, likelemba 7, mengine 5, na akiba 10. Jumla ni 111.

Kumi na moja za ziada hazina uzito sawa. Moja ni ya kuviringisha: ukigeuza kodi ya dola 65 katika matumizi ya 300 unapata 21.7, unaandika 22, na ukifanya hivyo kwenye vipande kadhaa jumla inaweza kufika 101 bila mtu kudanganya. Hiyo isamehe, ila mwambie aweke maelezo madogo chini. Kumi zinazobaki ni jambo jingine. Namba hizo zilitoka kwenye daftari la familia moja ya kikundi, na daftari hilo halikuwa na akiba yoyote ukiacha likelemba. Kijana aliweka akiba kwa sababu aliona bango la bajeti bila akiba halikamiliki. Yaani duara lilichanganya kilichotumika na kilichotamaniwa, na hakuna msomaji anayeweza kuvitenganisha.

Duara la 50, 30, 20 lilitoka kwenye tamaa hiyohiyo. Kanuni hiyo ilienea kutoka Marekani tangu mwaka 2005: nusu ya mapato kwa mahitaji ya lazima, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba na kulipa madeni. Sasa ipeleke kwenye daftari. Kodi, chakula, nishati na maji, shule na usafiri peke yake vinafika dola 265 kati ya 300, yaani 88 kwa kila mia. Si jambo la ajabu. Tangu mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo, ndivyo sehemu ya kipato hicho inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Kuweka duara la kanuni karibu na duara la familia bila neno lolote kati yao ni kumwambia mama kwamba anakosea, bila kumwonyesha wapi.

Angalia pia sarafu. Mapato yalikuwa kwa franga, matumizi kwa dola, na kiwango cha kubadilisha hakikuandikwa popote. Kwetu hapa mwenye nyumba hudai dola na soko hupokea franga, kwa hiyo mchanganyiko si kosa. Kosa ni kumwachia msomaji afanye hesabu kichwani akiwa amesimama. Mimi hapa nachukua dola 1 kwa franga 2,500, kwa ajili ya wepesi tu.

Je, umbo la picha linaweza kujibu swali?

Hapa ndipo bango lilipoanguka hasa, na hapa nitakaa. Picha inaweza kuwa na hesabu safi na rangi nzuri na bado isiweze kamwe kujibu swali lililoulizwa. Duara la vipande huonyesha kitu kizima kimegawanywaje. Halina mwanzo wala mwisho wa mwezi. Swali la mama lilikuwa la lini, na duara halijui lini.

Familia ile ya kikundi ilikubali tutumie daftari lake bila jina. Bei ni zao, zako huenda ni tofauti. Baba analeta mshahara wa dola 200 mwanzo wa mwezi. Mama anauza sokoni na kuleta kama 25 kila mwisho wa juma, mara nne, yaani 100. Jumla 300. Matumizi ni kodi 65, chakula 105, makala na umeme na maji 35, shule 40, usafiri 20, likelemba 20, mengine 15. Jumla 300 vilevile. Ukichora duara, nyumba hii iko sawa kabisa. Imeingia 300, imetoka 300, hakuna tatizo, nendeni kwa amani.

Sasa fuata pesa kwa siku. Siku za kwanza zinatoka kodi 65, shule 40, likelemba 20, na 20 nyingine za kulipa deni la duka la mwezi uliopita. Hizo ni 145. Kutoka kwenye mshahara wa 200 zimebaki 55. Vinavyobaki kununuliwa, chakula, nishati, usafiri na mengine, ni 175 kwa siku 30, karibu 5.8 kwa siku. Ongeza kwenye 55 zile 25 za juma la kwanza na 25 za juma la pili: unapata 105. Gawa 105 kwa 5.8. Siku 18.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilimpigia mama prezida simu. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Sasa umeona."

Kuanzia tarehe 18 nyumba inakula kwa deni dukani, inapumua juma la tatu mama anapoleta 25, inazama tena, na mwezi unapofungwa deni limesimama kwenye 20. Hizo 20 ndizo zinazolipwa mwanzo wa mwezi unaofuata. Ndiyo sababu jumla ya mwezi inatimia na pesa inakosekana, vyote viwili kwa pamoja. Mstari mmoja unaoonyesha pesa iliyobaki nyumbani kila siku, kutoka tarehe 1 hadi 30, ungelisema jambo hili kabla mtu hajamaliza kuhesabu hadi kumi: unashuka kama ngazi iliyovunjika, unagusa sakafu tarehe 18.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya bango, liulize hivi. Swali ni la "kiasi gani kati ya vyote"? Duara au nguzo moja iliyokatwa vipande inatosha. Ni la "lini"? Tafuta mstari wenye siku. Ni la "kipi kikubwa kuliko kipi"? Tafuta nguzo zilizosimama pamoja. Ukikuta duara mahali palipohitaji mstari, bango halijibu, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba picha iliyokuwa na jibu la "kwa nini" ilikuwemo bangoni tangu mwanzo. Ni ile ya makala. Familia hii, ikiwa haina pesa ya pamoja baada ya siku za kwanza, hununua makala kwa fungu, mafungu mawili kwa siku, franga 1,000 kila moja. Kwa mwezi ni 60,000, yaani dola 24. Gunia lingewatosha mwezi kwa 42,500, yaani dola 17. Wanapoteza 7. Unga wanaununua kwa kipimo badala ya mfuko wa kilo 25, na kwa mifuko miwili kwa mwezi tofauti ni dola 8. Jumla 15. Deni ni 20.

Sasa sentensi zinaungana zenyewe. Siku za kwanza zinakula karibu robo tatu ya mshahara, kwa hiyo hakuna pesa ya gunia. Kwa hiyo wananunua kwa fungu na kipimo. Kwa hiyo wanalipa 15 za ziada. Kwa hiyo mwezi unaisha na deni. Na deni linalipwa siku za kwanza. Mduara umefungwa. Kijana alikuwa na mfupa wa hadithi mkononi, akauweka kwenye kona ya chini kushoto, kati ya chupa ya akiba na bei ya dola.

Je, linamwambia msomaji ukweli wote?

Bango linalosimulia huwa na mwisho, na mwisho huo nao upime. Kishawishi ni kuandika "Nunua gunia, pesa haitaisha." Jaribu kwenye daftari. Tarehe 1 mama ananunua gunia la 17, zinabaki 38. Matumizi ya kila siku yanashuka hadi karibu 5.0. Ongeza 50 za majuma mawili, una 88, gawa kwa 5.0: siku 17 na nusu. Pesa inaisha siku ileile! Mama aliyefuata ushauri wa bango atasema bango ni la uongo, na atakuwa na haki.

Kinachobadilika ni deni. Mwezi ule linaishia 13 badala ya 20, unaofuata 6, na mwezi wa tatu limekwisha. Hadithi ya kweli ni hiyo, ya pole kuliko ile ya kwanza. Na ina sharti: uwe na mahali pakavu pa kuweka gunia wakati wa mvua, na jirani asiyejikatia sehemu yake usiku. Ukiona bango linaahidi matokeo, fanya hesabu ya mwezi mmoja kwa mkono kabla ya kuliamini.

Macho yanavyopotezwa

Makosa ya kuchora hayaui hadithi kila mara, lakini huihamisha. Nguzo za unga za kijana zilianza kwenye 30,000 badala ya sifuri. Mfuko ulitoka 32,000 ukafika 36,000, ongezeko la karibu 12 na nusu kwa mia. Lakini kwa kuwa mguu wa nguzo ulikatwa, nguzo ya mwisho ilisimama mara tatu ya ile ya kwanza. Kwa nguzo, daima tazama namba ya chini kabisa pembeni; kama si sifuri, urefu unaouona si bei. Mstari unaweza kuanzia pengine, kwa sababu jicho hufuata mwelekeo wake, si urefu wake.

Magunia yalikuwa na kosa lililofichika zaidi. Gharama ya fungu ni mara 1.4 ya gunia, na kijana alikuza picha mara 1.4 kwa kimo na mara 1.4 kwa upana. Jicho linaona eneo lote, na eneo limekuwa karibu mara mbili. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walipima jambo hili kwa majaribio, wakaona watu hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa msingi, na hukosea zaidi kwenye pembe na maeneo. Kwa magunia, suluhisho ni rahisi: chora magunia madogo yanayolingana, kila moja dola 1, kisha pangilia 17 upande mmoja na 24 upande mwingine.

Mwisho, lipitishe kwenye mashine

Toa fotokopi nyeusi na nyeupe. Ndivyo bango litakavyosafiri kwetu, hakuna kikundi kinacholipia kopi thelathini za rangi. Duara la vipande vinane likawa mkate wa kijivu. Kama vipande vimeandikwa majina juu yake, kinasalia kitu; kama majina yako pembeni na vijisanduku vya rangi, hakuna kinachosalia. Kisha libandike ukutani, rudi nyuma hatua tano, usome. Kichwa na namba kuu vikikushinda, mama mwenye umri wangu aliyeketi benchi la nyuma hataviona.

Tulibaki na picha tatu: mstari wa siku 30, nguzo moja ya mshahara iliyokatwa 65, 40, 20, 20 na 55, na magunia madogo yakiwa pamoja na mifuko ya unga. Chini yake, maneno machache: deni 20, 13, 6, limekwisha. Kijana hakufurahi kuona picha nne zikienda, hasa ya dola, aliyoifanyia kazi sana. Nilimwambia mstari wa dola si mbaya, ni kitu kingine. Bei ya dola, ya mfuko wa unga na ya gunia ni vitu ambavyo watu hutafuta kila juma, na anayetafuta bei hahitaji hadithi, anahitaji orodha iliyo wazi.

Basi nilimkatia karatasi nyingine ndogo yenye mistari mitupu, akaichora jedwali. Imebandikwa nyuma ya mlango wa ukumbi wao, na mama prezida huandika bei mpya kila Jumamosi kwa biki nyekundu.